Jedwali la Utahini: Alama Hupangwa Kabla ya Maswali

Wanafunzi wawili wa darasa moja wanaweza kurudi nyumbani kila mmoja na alama 58 za Kiswahili, ilhali mmoja amekariri daftari zima na mwenzake anaielewa lugha lakini hana subira ya kukariri. Mtihani uliotungwa bila mpango hauwezi kumwambia mzazi wala mwalimu tofauti hiyo. Uliotungwa kwa mpango unaweza, na mpango wenyewe una jina ambalo walimu wengi walilisikia chuoni: jedwali la utahini. Wapo waliolichora ili wafaulu mtihani wa ualimu, kisha hawakulichora tena. Naona ni hasara kubwa kwa watoto, kwa hiyo hapa nitalijenga moja tangu mwanzo hadi alama za mwisho, ili hata asiye mwalimu aone linavyofanya kazi.

Jedwali lenyewe ni rahisi kulielewa. Upande wa kushoto, kwenda chini, unaandika mada zilizofundishwa. Juu, kwenda kulia, unaandika ngazi za ujuzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia na kuendelea. Mada na ngazi zinapokutana pana kisanduku, na ndani yake unaandika idadi ya alama. Wazo la kukutanisha yaliyofundishwa na anachotakiwa mwanafunzi kuweza kukifanya lilienezwa na Mmarekani Ralph Tyler katika kitabu chake cha mwaka 1949. Mwanafunzi wake, Benjamin Bloom, pamoja na wenzake walizipanga ngazi sita mwaka 1956, na mwaka 2001 orodha hiyo ikafanyiwa marekebisho. Leo husomwa hivi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Kwa mtihani wa darasani, ngazi sita ni nyingi mno. Mwalimu atapoteza jioni nzima akijiuliza kama swali ni la kuchambua au la kutathmini. Ngazi tatu zinatosha: kukumbuka peke yake, kuelewa na kutumia pamoja, kisha zile tatu za juu pamoja.

Tumchukue mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Kwanza anayetunga mtihani wa mwisho wa muhula wenye alama 100. Katika muhula huo amefundisha mada tano: mawasiliano, aina za maneno, fasihi simulizi, uandishi wa barua na ufahamu. Tuseme tayari anayo karatasi aliyoitunga kama wengi wanavyotunga: alifungua daftari la nukuu ukurasa wa kwanza, akaandika maswali kadri kurasa zilivyofuatana, akaongeza mengine mawili matatu kutoka mitihani ya nyuma, akajumlisha alama mpaka zikafika 100.

Kabla ya kutunga upya, aitie karatasi hiyo kwenye jedwali. Achukue swali moja baada ya jingine, ajiulize ni la mada gani na linataka nini, kisha aandike alama zake kwenye kisanduku kinachohusika. Kazi hii haichukui saa nzima. Akimaliza na kujumlisha, anakuta fasihi simulizi ina alama 34, aina za maneno 24, mawasiliano 22, barua 15 na ufahamu 5. Kwa upande wa ngazi, kukumbuka kumebeba alama 66, kuelewa na kutumia 24, na ngazi za juu 10.

Sababu zinaonekana wazi. Mawasiliano yako mwanzoni mwa daftari, na mwanzoni mtungaji bado ana nguvu. Fasihi simulizi imejaa orodha: tanzu nne, vipera vyake, dhima zake, sifa za msimulizi. Orodha huzaa maswali ya “taja” haraka kuliko kitu kingine chochote. Ufahamu unahitaji kutafuta kifungu kipya na kukiandika upya, kwa hiyo umesukumwa mwisho na kupewa alama zilizobaki. Mwalimu huyu hakukusudia hata moja kati ya hayo.

Sasa tazama matokeo yake kwa mtoto. Mwanafunzi aliyekariri vizuri, asiyeweza kutumia chochote alichokikariri, anaweza kupata alama zote 66 za kukumbuka. Kwa madaraja ya mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, ambako B huanzia 65, huyo ana B. Mzazi atafurahi, shule itamhesabu miongoni mwa wanaofanya vizuri, na hakuna atakayejua mpaka siku atakapoambiwa aandike barua ya kuomba kazi.

Ujenzi wa jedwali jipya unaanza na vipindi. Mwalimu anahesabu vipindi vya kila mada, na hapa kuna kosa la kuliangalia sana: vipindi vya kuhesabu ni vile vilivyofundishwa kweli, na vinapatikana katika kumbukumbu ya kazi. Azimio la kazi huandikwa kabla ya muhula kuanza, wala halijui michezo, mvua wala ugonjwa. Tuseme vilivyofundishwa ni 40: mawasiliano 4, aina za maneno 16, fasihi simulizi 10, barua 6 na ufahamu 4. Ukigawa vipindi vya mada kwa 40 na kuzidisha kwa 100, unapata uzito wa mada hiyo. Aina za maneno zinapata 40, fasihi simulizi 25, barua 15, mawasiliano 10 na ufahamu 10.

Hesabu hiyo ni mahali pa kuanzia, haimfungi mwalimu. Mada inaweza kuwa ilichukua vipindi vingi kwa sababu vitabu vilichelewa kufika. Nyingine inaweza kuwa ya vipindi vichache lakini muhula ujao wote umejengwa juu yake. Mwalimu anaruhusiwa kusogeza alama tatu au nne, mradi ajue kwa nini amezisogeza. Akijikuta amesogeza 15, arudi kutazama kama anaitetea mada au anajirahisishia kutunga.

Kinachofuata ni uzito wa ngazi. Hakuna sheria moja kwa masomo yote. Dira ni muhtasari wa somo: usome vitenzi vilivyotumika katika malengo. Pale muhtasari unapomtaka mwanafunzi aweze kutumia aina za maneno katika tungo, si haki mtihani uishie kumtaka azitaje. Kwa darasa hili mwalimu anaamua kukumbuka kuchukue alama 30, kuelewa na kutumia 45, na kuchambua, kutathmini na kubuni 25. Kisha anagawa kisanduku kwa kisanduku, akihakikisha jumla za pembeni na za chini zinakubaliana.

| Mada | Vipindi | Kukumbuka | Kuelewa na kutumia | Kuchambua, kutathmini na kubuni | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Mawasiliano | 4 | 6 | 4 | 0 | 10 |
| Aina za maneno | 16 | 10 | 22 | 8 | 40 |
| Fasihi simulizi | 10 | 10 | 8 | 7 | 25 |
| Uandishi wa barua | 6 | 4 | 5 | 6 | 15 |
| Ufahamu | 4 | 0 | 6 | 4 | 10 |
| Jumla | 40 | 30 | 45 | 25 | 100 |

Sifuri mbili hizo zimewekwa kwa makusudi. Ufahamu hauna alama za kukumbuka kwa sababu kifungu ni kigeni kwa mwanafunzi, hana cha kukumbuka kutoka darasani. Mawasiliano hayana alama za ngazi ya juu kwa sababu vipindi vinne viliishia kwenye maana na dhima za lugha, na darasa halikufika kwenye uchambuzi. Si kila kisanduku kinapaswa kujazwa, na mwalimu anayejilazimisha kukijaza kila kimoja ataishia kutunga maswali ambayo darasa halikuandaliwa kuyajibu.

Hapo ndipo maswali yanapoanza kutungwa, na kisanduku ndicho kinachoamua aina ya swali. Chukua aina za maneno. Alama 10 za kukumbuka zinaweza kuwa maswali 10 ya kuchagua jibu sahihi, alama moja kila moja, kuhusu maana ya nomino, kivumishi, kielezi na wenzao. Alama 22 za kati ni sentensi 11, kila moja ikiwa na neno lililopigiwa mstari. Mwanafunzi anataja aina ya neno hilo na kueleza kwa ufupi kazi yake katika sentensi, alama moja na moja. Uchaguzi wa sentensi ndio wenye kazi kubwa. Mwalimu akiweka “vizuri” katika “Mama amepika vizuri”, kisha akaliweka tena katika “Vyakula vizuri vimeisha”, anamtenganisha mara moja aliyekariri orodha na anayeelewa. Katika sentensi ya kwanza neno hilo ni kielezi, katika ya pili ni kivumishi. Anayedhani neno lina aina moja popote linapokaa atakosa mojawapo. Kwa alama 8 za juu, mwalimu anaandika uchambuzi wa sentensi kana kwamba umefanywa na mwanafunzi mwingine, anaweka makosa manne ndani yake, na kumtaka mtahiniwa ayatafute na kutoa sababu: alama moja kwa kosa, moja kwa sababu.

Barua inatufundisha jambo jingine. Swali moja la kuandika barua rasmi linaweza kubeba alama zote 15 na bado likaingia katika visanduku vitatu. Kinacholigawa ni mwongozo wa usahihishaji: alama 4 kwa sehemu za barua, yaani anwani, tarehe, kichwa cha habari na hitimisho, ambazo mwanafunzi amezikumbuka, alama 5 kwa lugha rasmi na sentensi sanifu, ambamo ametumia alichojifunza, alama 6 kwa hoja zenyewe, ambazo amezibuni na kuzipanga. Mwalimu akisahihisha barua kwa kuitazama na kuandika 9 juu yake, jedwali linakufa hapo hapo. Haijulikani tena zile 9 ni za anwani au ni za fikra.

Sasa niseme juu ya shimo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo huharibu majedwali mengi. Mwalimu huangalia neno la kwanza la swali. Likianza na “taja” analiweka kwenye kukumbuka. Likianza na “jadili” au “chambua” analipandisha ngazi ya juu. Neno hilo halitoshi. Kama ubaoni kuliandikwa “Umuhimu wa fasihi simulizi” na chini yake hoja sita, basi swali la “Jadili umuhimu wa fasihi simulizi” ni la kukumbuka, hata likiombwa kwa insha ya kurasa mbili. Mwanafunzi anamwaga hoja zile zile sita. Ngazi ya swali inategemea kile ambacho darasa hili limeshakiona, na ndiyo maana swali lile lile linaweza kuwa la kuchambua katika shule moja na la kukariri katika shule ya jirani. Karatasi iliyonunuliwa au kuazimwa, hata ikiletwa na jedwali lake zuri, inabidi ipangwe upya na mwalimu wa darasa husika.

Linganisha na swali hili la fasihi simulizi la alama 7. Mwanafunzi anapewa hadithi fupi ambayo haikusomwa darasani: sungura na fisi wanagombania nyama, fisi anaanguka kutoka kwenye mwamba, na hadithi inamalizia kwa kusema tangu siku hiyo fisi wote hutembea kama wanaochechemea. Anatakiwa kutaja kipera chake kwa alama 1, kutoa ushahidi wa mambo mawili kutoka ndani ya hadithi kwa alama 4, na kueleza funzo lake kwa jamii kwa alama 2. Wengi wakiona wanyama tu wataandika ngano. Aliyesoma kwa makini ataona kwamba hadithi inaeleza asili ya jambo, akaandika visasili, na ataweza kuonyesha sentensi iliyomfikisha hapo. Jibu hilo halikuwamo daftarini. Linapatikana kwa kufikiri juu ya kitu kipya kwa kutumia maarifa ya zamani.

Njia nzuri ya kukagua ngazi ni kumpa mwalimu mwenzako maswali bila jedwali, naye ayapange mwenyewe. Mnapotofautiana ndipo pa kukaa. “Mwalimu, hili la dhima za lugha umeliweka kwenye kuelewa. Mimi nakumbuka wanafunzi wako waliimba hizo dhima mstarini wiki nzima.” Mazungumzo kama hayo, yakifanyika kwa heshima, yanarekebisha karatasi kuliko semina ndefu.

Jedwali pia huvunjika kwa uhuru wa kuchagua. Sehemu C ikisema “jibu maswali mawili kati ya manne”, na moja likawa la barua, moja la fasihi simulizi, moja la mawasiliano na moja la aina za maneno, basi wanafunzi hawafanyi tena mtihani mmoja. Kuna atakayekwepa barua kabisa na kupata alama zake kwingine. Kama mwalimu anataka kutoa nafasi ya kuchagua, basi chaguo libaki ndani ya kisanduku kile kile: barua kwa mkuu wa shule au barua kwa ofisi ya kijiji, zote mbili kwa mwongozo mmoja wa usahihishaji.

Muda nao uangaliwe. Saa mbili na nusu ni dakika 150, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la kuchagua la alama moja litachukua pungufu ya hapo, na barua ya alama 15 itahitaji zaidi ya dakika 22. Kifungu cha ufahamu na hadithi ya fisi vinahitaji muda wa kusomwa, na kusoma hakuna alama. Mwalimu akiufanya mtihani mwenyewe kwa kalamu, akaona umemchukua dakika 60, ajue mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huenda akahitaji mara mbili ya hapo au zaidi.

Faida kubwa huja baada ya kusahihisha. Rudi kwa wale wanafunzi wawili wa alama 58. Mtihani huu unaonyesha kwamba wa kwanza amepata 27 kati ya 30 za kukumbuka, 24 kati ya 45 za kutumia, na 7 kati ya 25 za juu. Wa pili amepata 15, 28 na 15. Jumla ni ile ile. Wa kwanza anahitaji mazoezi ya sentensi mpya na hadithi mpya, na kumwambia “soma zaidi” ni kumrudisha kwenye anachokiweza tayari. Wa pili anaelewa, ila hana msamiati wa somo. Huyo wiki mbili za kujifunza istilahi zitamsaidia sana.

Kwa darasa zima, mwalimu mwenye wanafunzi 60 hana haja ya kuchambua karatasi zote kisanduku kwa kisanduku. Achukue kila ya tatu kutoka kwenye rundo lisilopangwa kwa alama, apate 20, aandike alama za kila kisanduku na kutafuta wastani. Tuseme katika aina za maneno wastani wa kukumbuka ni 8 kati ya 10, na wa kutumia ni 9 kati ya 22. Darasa linajua maana za maneno yote manane lakini haliwezi kuyatambua ndani ya sentensi. Hapo kosa halimhusu mwanafunzi mmoja mmoja. Inawezekana vipindi 16 vilitumika zaidi kwa kunakili maana kuliko kwa kuchambua sentensi, na kabla ya mada mpya kuanza muhula ujao, vipindi viwili vitatu vitengwe kwa sentensi peke yake.

Lakini mwalimu asiusome ujumbe mkubwa katika kisanduku kidogo. Alama 4 za mawasiliano katika kuelewa zimetokana na swali moja au mawili. Darasa likifanya vibaya hapo, huenda swali liliandikwa vibaya, au neno moja halikueleweka. Kisanduku cha alama 22 chenye sentensi 11 kinasema jambo la kuaminika zaidi. Pia jedwali halijui kama swali ni zuri. Swali lenye majibu mawili sahihi litakaa katika kisanduku chake bila tatizo, na jumla zitakubaliana, huku likiwaadhibu walioelewa sana. Kwa hilo hakuna dawa ila kuandika jibu la kila swali kabla ya karatasi kupelekwa kuchapwa. Ukishindwa kuliandika kwa uhakika, badilisha swali.

Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa fomati za mitihani yake, na shule nyingi huzifuata hata katika mitihani ya ndani ili wanafunzi wazizoee. Fomati hueleza karatasi ina sehemu ngapi, maswali mangapi na alama ngapi. Mwalimu anaweza kuifuata bila kugusa jedwali lake: sehemu A, B na C ni mpangilio wa karatasi anaouona mtahiniwa, na visanduku ni mpangilio anaouona mtungaji. Maswali ya aina za maneno yanaweza kutawanyika katika sehemu zote tatu na bado yakajumlisha 40.

Muhula ukiisha, jedwali lihifadhiwe pamoja na wastani wa visanduku vyake. Mwakani mwalimu atakapofundisha Kidato cha Kwanza kingine mada zile zile, atabadilisha sentensi, hadithi na kifungu, lakini ataacha uzito ulivyo. Hapo ndipo ataweza kulinganisha madarasa mawili kwa haki. Wastani wa kutumia aina za maneno ukipanda kutoka 9 hadi 14, ataweza kusema kwamba vipindi alivyoviongeza vya kuchambua sentensi vimefanya kazi. Bila jedwali angeona tu kwamba wastani wa mtihani umepanda, asijue kama wanafunzi wamejifunza zaidi au karatasi ilikuwa nyepesi.